Wagonjwa 700 na karatasi moja ya grafu

Mwenyekiti wetu, waganga, maofisa takwimu, walimu na ndugu waandishi wa habari, habari za asubuhi.

Mezani kila mmoja amewekewa karatasi ya grafu, rula na kalamu mbili za rangi. Tutazihitaji baada ya muda mfupi. Kwanza sikilizeni matokeo ya matibabu mawili, na kila mmoja ajiamulie moyoni ni lipi angemchagulia mzazi wake.

Mwaka 1986 daktari aitwaye Charig na wenzake walichapisha Uingereza matokeo ya njia mbalimbali za kuondoa mawe kwenye figo. Ninachukua njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa wazi: daktari anapasua mwili mpaka aifikie figo, kisha anatoa jiwe. Ya pili ni ya tundu dogo: mgonjwa anatobolewa mgongoni, mrija unapitishwa mpaka ndani ya figo, na jiwe linatolewa kwa njia hiyo. Mgonjwa alihesabiwa kuwa amefanikiwa ikiwa baada ya miezi 3 hana jiwe tena, au mabaki yake hayafiki milimita 2.

Waliofanyiwa upasuaji wa wazi walikuwa 350, na waliofanikiwa ni 273, yaani asilimia 78. Waliotobolewa tundu walikuwa 350 vilevile, na waliofanikiwa ni 289, yaani asilimia 83. Idadi ni sawa, kipimo ni kilekile, na tundu dogo limeshinda kwa asilimia 5. Ukichora nguzo mbili, ya tundu itakuwa ndefu zaidi, na sidhani kama kuna mtu hapa angeuliza swali.

Sasa tuwagawe wagonjwa walewale kwa ukubwa wa jiwe. Mawe ya chini ya sentimita 2 tuyaite madogo, mengine makubwa.

Kwa mawe madogo, upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 81 kati ya 87, asilimia 93. Tundu lilifanikiwa kwa 234 kati ya 270, asilimia 87. Upasuaji umeshinda.

Kwa mawe makubwa, upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa 192 kati ya 263, asilimia 73. Tundu lilifanikiwa kwa 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji umeshinda tena.

Jumlisheni wenyewe mkitaka: 81 na 192 ni 273. 234 na 55 ni 289. Hakuna mgonjwa aliyeongezwa wala aliyefichwa. Upasuaji unashinda kwa wenye mawe madogo, unashinda kwa wenye mawe makubwa, halafu unashindwa kwa wote kwa pamoja. Wanatakwimu huiita hali hii kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyeiandikia mwaka 1951, ingawa Karl Pearson mwaka 1899 na Udny Yule mwaka 1903 walikuwa wameshaiona. Jina linatupotosha kidogo, kwa sababu kitendawili kina jibu moja la kutegua, na hapa kuna majibu mawili tofauti: moja ni la hesabu, jingine ni la uamuzi. Nitaanza na la hesabu, maana hilo linachoreka.

Chukueni karatasi. Mhimili wa chini uanzie 0 uishie 100, na uandikeni hivi: asilimia ya wagonjwa wenye mawe makubwa. Mhimili wa wima uanzie 60 uishie 100, na uandikeni: asilimia ya waliofanikiwa. Nimesema 60 kwa makusudi. Kwa nguzo, kuanzia juu ya sifuri ni kosa, kwa sababu jicho hupima urefu wa nguzo nzima. Hapa tutachora nukta na mistari, na jicho litapima umbali kati yake, kwa hiyo hatumdanganyi mtu.

Kwa kalamu nyekundu, tia nukta ya upasuaji wa wazi ukingoni kushoto kabisa, pale mawe makubwa ni 0, kwenye kimo cha 93. Maana yake ni hii: kama wagonjwa wote wangekuwa na mawe madogo, upasuaji ungefanikiwa kwa asilimia 93. Tia nukta nyingine nyekundu ukingoni kulia, pale mawe makubwa ni 100, kwenye kimo cha 73. Unganisha kwa rula. Mstari huo unaoteremka ni upasuaji wa wazi katika kila mchanganyiko wa wagonjwa unaowezekana: wakiwa nusu kwa nusu utausoma katikati, wakiwa robo tatu wenye mawe makubwa utausoma kwenye 75.

Kwa kalamu ya bluu fanya vivyo hivyo kwa tundu: 87 kushoto, 69 kulia, unganisha.

Tazameni mistari yenyewe. Mwekundu uko juu ya wa bluu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Haikutani popote. Katika mchanganyiko wowote ule mtakaouchagua, ilimradi uwe mmoja kwa njia zote mbili, upasuaji unaongoza kwa asilimia kati ya 4 na 6 hivi.

Basi ushindi wa tundu ulitoka wapi? Tafuteni kila njia ilisimama wapi kwenye mhimili wa chini. Upasuaji ulipokea wagonjwa 263 wenye mawe makubwa kati ya 350, ambao ni asilimia 75. Nenda kwenye 75, panda mpaka kwenye mstari mwekundu, tia nukta nene. Imeangukia 78. Tundu lilipokea wagonjwa 80 wenye mawe makubwa kati ya 350, asilimia 23. Nenda kwenye 23, panda mpaka kwenye mstari wa bluu, tia nukta nene. Imeangukia 83.

Nukta hizo mbili nene ndizo nguzo mbili za mwanzo. Nguzo zilituonyesha vimo tu na zikatupilia mbali mhimili wa chini. Kumbe nukta moja iko mbali kulia, chini ya mteremko, na nyingine iko kushoto karibu na kilele. Tulilinganisha njia ngumu iliyopandwa na mmoja na njia rahisi iliyopandwa na mwenzake, tukatangaza nani ana mbio.

Karatasi hiyo inatuambia pia ni lini mgeuko unaweza kutokea na ni lini hauwezi. Fuata mstari mwekundu peke yake kutoka 23 hadi 75: unashuka kutoka karibu 88.5 hadi 78, yaani asilimia 10 na nusu. Pengo kati ya nyekundu na bluu pale kwenye 23 ni karibu asilimia 6. Kwa kuwa mteremko umekula 10 na nusu, na faida ilikuwa 6 tu, nyekundu imeishia chini ya bluu. Kwa hiyo lazima mambo mawili yawepo kwa pamoja. Mistari iwe na mteremko wa kutosha, yaani ukubwa wa jiwe uwe na uzito mkubwa kwenye matokeo. Na nukta nene ziwe mbali, yaani mgawanyo wa wagonjwa utofautiane sana. Mistari ikiwa karibu tambarare, au nukta zikiwa karibu, jumla haiwezi kugeuka hata ukijaribu. Nawasisitizia hilo kwa sababu nimesikia watu wakilitumia jina la Simpson kukataa kila takwimu wasiyoipenda. Anayedai kuna mgeuko atuonyeshe mteremko na umbali.

Sasa chora mstari wa wima kwenye 49. Kati ya wagonjwa wote 700, wenye mawe makubwa walikuwa 343, na hiyo ni asilimia 49. Pale mstari huo unapokata nyekundu utasoma 83. Unapokata bluu utasoma 78. Namba zimebadilishana viti. Mlichofanya ndicho maofisa takwimu wanachokiita kusanifisha: kuwapa pande zote mbili mchanganyiko mmoja, halafu ndipo kulinganisha. Wanaofanya kwa jedwali wanazidisha 93 kwa 0.51, wanazidisha 73 kwa 0.49, wanajumlisha. Rula imewafanyia hesabu hiyohiyo.

Mchoro huu umejulikana tangu miaka ya 1980, na mara nyingi huitwa kwa majina ya Baker na Kramer walioutumia mwaka 2001. Nauona ndio mchoro bora kuliko yote kwa jambo hili, na ninasikitika kwamba programu za jedwali hazina kitufe chake. Lakini ni mistari miwili na nukta mbili tu. Katika programu yoyote unaweza kuuchora kama grafu ya mistari yenye alama mbili kila mmoja.

Niseme na udhaifu wake. Unafanya kazi pale makundi ni mawili tu. Makundi yakiwa matatu au saba, mchanganyiko hauelezeki tena kwa namba moja, na mhimili mmoja hautoshi. Mfano mzuri ni uchunguzi wa Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Wanawake 1,314 waliulizwa mwaka 1972 hadi 1974 kama wanavuta sigara au hawajawahi kuvuta, na baada ya miaka 20 ikahesabiwa nani bado yuko hai. Kwa jumla, wavutaji 139 kati ya 582 walikuwa wamefariki, asilimia 24. Wasiovuta walikuwa 230 kati ya 732, asilimia 31. Grafu ya nguzo mbili hapo ni tangazo la sigara. Ila wasiovuta wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 26 ya kundi lao, na kwa wavutaji walikuwa asilimia 8 tu.

Kwa data kama hiyo, weka makundi ya umri kwenye mhimili wa chini, asilimia ya vifo kwenye wima, na kwa kila kundi tia nukta mbili, ukubwa wa kila nukta ukilingana na idadi ya watu. Utaona kwa umri wa 55 hadi 64 nukta ya wavutaji iko 44, ya wasiovuta iko 33. Utaona pia jambo ambalo ukweli unadai lionekane: kwa umri wa 25 hadi 34, wavutaji wako chini kidogo, vifo 3 kati ya 124 dhidi ya 5 kati ya 157. Usiifute nukta hiyo ili hadithi yako inyooke. Vifo 3 na vifo 5 ni vichache mno kubeba hitimisho, na ndiyo sababu idadi iandikwe kando ya nukta.

Turudi kwenye nguzo, maana ndizo tunazozichora kila robo mwaka. Nguzo mbili za jumla zinaficha kila kitu, hilo tumeliona. Wengi wakishaelezwa, hukimbilia nguzo nne: mbili za mawe madogo, mbili za makubwa. Hizo zinaonyesha kuwa upasuaji unaongoza kila upande, na ni hatua. Lakini bado zinaficha sababu. Nguzo ya wagonjwa 80 ina upana uleule na nguzo ya wagonjwa 270, na msomaji akizitazama hawezi kujua kwa nini jumla iligeuka. Akiona nguzo nne ukurasa wa 5 na nguzo mbili ukurasa wa 2, atadhani mmoja wenu amekosea kuandika.

Dawa ni upana. Panua kila nguzo kulingana na idadi ya wagonjwa wake: milimita 1 kwa wagonjwa 10 inatosha. Upasuaji utakuwa na nguzo nyembamba ya milimita 9 inayofika 93, na nguzo nene ya milimita 26 inayoishia 73. Tundu litakuwa kinyume chake, milimita 27 kwenye 87, na milimita 8 kwenye 69. Jicho linaona mara moja kwamba unene wa upasuaji uko kwenye nguzo fupi, na unene wa tundu uko kwenye nguzo ndefu. Huhitaji aya ya maelezo.

Kosa jingine liko kwenye jedwali, kabla hata ya grafu. Mtu ana safu ya asilimia za vituo au za makundi, na chini yake anaandika `=AVERAGE(...)`. Fomula hiyo inaipa asilimia ya wagonjwa 87 uzito sawa na asilimia ya wagonjwa 263. Kwa upasuaji wa wazi, wastani wa 93 na 73 ni 83, ilhali asilimia halisi ya wote ni 78. Kwa tundu, wastani wa 87 na 69 ni 78, ilhali asilimia halisi ni 83. Hapa kosa hilo limetuangusha karibu kabisa na majibu yaliyosanifishwa, kwa bahati tu, kwa sababu mawe makubwa na madogo yalikuwa karibu nusu kwa nusu.

Lakini kosa hilo linaweza kugeuzwa kipimo, na ninawaomba mlitumie. Kwa kila upande unaoulinganisha, kokotoa namba zote mbili: wastani wa kawaida wa asilimia za makundi, na asilimia ya jumla inayotoka kwenye idadi. Zikikaribiana pande zote, endelea na kazi. Zikiachana kwa asilimia kadhaa, na hasa upande mmoja zikiachana kwenda juu na upande wa pili kwenda chini kama hapa, simama. Mchanganyiko wa pande hizo mbili haulingani, na grafu ya jumla itamwambia msomaji habari ya mchanganyiko akidhani ni habari ya matibabu.

Mpaka hapa nimezungumzia asilimia. Jambo hilohilo linatokea kwenye mistari ya mwelekeo, pale vitu viwili vinapopimwa na programu ikapitisha mstari katikati ya nukta. Kuna data maarufu ya pengwini wa Antaktika, iliyokusanywa na Kristen Gorman na wenzake karibu na kituo cha Palmer kati ya 2007 na 2009. Ni ndege 344, na 342 kati yao wamepimwa midomo: urefu wake, na kina chake kutoka juu hadi chini. Mwenye programu ya R anaweza kuijaribu jioni hii:

```r
library(ggplot2)
library(palmerpenguins)
ggplot(penguins, aes(bill_length_mm, bill_depth_mm)) +
  geom_point() + geom_smooth(method = "lm")
```

Mstari unashuka, kana kwamba mdomo ukirefuka unakuwa mwembamba. Sasa badilisha mstari wa tatu tu:

```r
ggplot(penguins, aes(bill_length_mm, bill_depth_mm, colour = species)) +
```

Inatokea mistari mitatu, mmoja kwa kila aina ya pengwini, na yote inapanda. Ndani ya kila aina, mwenye mdomo mrefu ana mdomo wenye kina zaidi. Mstari wa kwanza haukuwa ukieleza mdomo wa ndege yeyote. Aina ya Adelie ina mdomo wa wastani wa milimita 39 kwa urefu na 18 kwa kina. Aina ya Gentoo ina 47 na nusu kwa urefu, na 15 kwa kina. Mstari ulitoka kwenye wingu la Adelie juu kushoto, ukateremkia kwenye wingu la Gentoo chini kulia. Ulikuwa unapima umbali kati ya mawingu mawili.

Grafu ya nukta ina fadhila moja ambayo nguzo hazina: hata kabla ya kutia rangi, mawingu yanaanza kuonekana. Ukiona nukta zimejikusanya mafungu mafungu, au mstari unapita mahali ambapo hakuna nukta nyingi, uliza ni kitu gani kinachoyatenganisha. Kwa hiyo usiuchapishe mstari wa mwelekeo peke yake, nukta zikiwa zimefutwa ili ukurasa uonekane safi. Na kwa kuwa taarifa zetu nyingi huishia kwenye mashine ya fotokopi, ambako nyekundu na bluu zote hugeuka kijivu, pamoja na rangi tumieni maumbo: duara kwa kundi moja, pembetatu kwa jingine, mraba kwa la tatu. Hata karatasi yenu ya leo, mstari wa tundu ungefaa uwe wa vipande vipande.

Sasa jibu la pili, la uamuzi. Tumeona jumla inasema hivi na makundi yanasema vile. Tumwamini nani? Wengi hujibu haraka kwamba ukigawanya ndiyo unaona ukweli. Hapana, si daima, na hapa grafu haiwezi kukusaidia.

Chukueni karatasi ileile mliyochora, mbadilishe majina tu. Njia mbili sasa ni dawa mbili za moyo. Pale palipoandikwa mawe makubwa, andika: shinikizo la damu lililopanda baada ya kumeza dawa. Namba zibaki vilevile. Dawa nyekundu imewafanya wagonjwa 263 kati ya 350 kuwa na shinikizo la juu. Dawa ya bluu, 80 tu. Bado mstari mwekundu uko juu ya wa bluu kila mahali. Je, tuichague nyekundu? La hasha. Kule kusogea kulia, kutoka 23 hadi 75, ni kazi ya dawa yenyewe. Ni madhara yake. Ukisawazisha shinikizo kwa mstari wa wima kwenye 49, umeifutia dawa kosa lake. Hapa jumla ndiyo inayosema kweli, na bluu ndiyo ya kuchagua.

Mchoro ni mmoja, namba ni zilezile, na uamuzi umegeuka. Kilichotofautisha ni wakati. Jiwe lilikuwa na ukubwa wake kabla mgonjwa hajaonana na daktari, na ukubwa huo ulichangia kumpeleka kwenye njia moja badala ya nyingine. Shinikizo lilikuja baada ya dawa. Kwa hiyo kabla ya kugawa data kwa kitu chochote, uliza swali moja kwa mtu anayeijua kazi ile, si kwa kompyuta: kitu hiki kilikuwepo kabla ya matibabu, au kimeletwa na matibabu? Kikiwa cha kabla na kinaathiri matokeo, gawa. Kikiwa kimeletwa na matibabu, usigawe.

Na tusiwabebeshe wagonjwa wa 1986 mzigo usio wao. Pengo la mawe makubwa, 73 dhidi ya 69, ni jembamba: wangefanikiwa wagonjwa 4 zaidi kati ya wale 80, tundu lingeongoza. Kwa mawe madogo, wangeshindikana 6 zaidi kati ya 87, upasuaji ungepoteza. Tena upasuaji wa wazi ulikusanywa kati ya 1972 na 1980, na tundu kati ya 1980 na 1985, kwa hiyo hata baada ya kusawazisha ukubwa wa jiwe kuna tofauti za miaka na vifaa ambazo jedwali halizioni. Kinachothibitika ni kwamba ile asilimia 5 ya ushindi wa tundu ilitokana na aina ya wagonjwa. Kwamba upasuaji wa wazi ni bora kwa mgonjwa wa leo, jedwali hilo halisemi.

Nimalizie na rejista, kwa kuwa wengi wenu mnazijaza au mnazikusanya. Hospitali za rufaa hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine, kwa hiyo kulinganisha asilimia ya vifo ya hospitali ya rufaa na ya kituo cha afya ni kulinganisha nukta ya kulia na nukta ya kushoto. Ili kuchora mistari yake, tunahitaji kujua hali ya mgonjwa alipofika. Fomu za MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, hutenganisha umri na jinsia, na hizo mbili tayari zinatupa makundi ya kuanzia. Lakini hali ya mgonjwa wakati wa kupokelewa ikiwa imebaki kwenye faili lake wodini, na kilichoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ni jumla ya mwezi, hakuna grafu itakayoweza kuitenganisha jumla hiyo baadaye. Wagonjwa 263 na 87 wakishaandikwa 350, wamekuwa 350.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikao cha mchana ni dogo. Katika rejista ya kulazwa iongezwe safu moja yenye chaguo mbili tu, hali mbaya au hali ya wastani, ijazwe mapokezi kabla matibabu hayajaanza, kwa vigezo ambavyo waganga mtakubaliana leo. Chaguo zikiwa mbili, mchoro wa rula unawezekana kila robo mwaka. Safu hiyo isijazwe wakati wa kumruhusu mgonjwa, kwa sababu anayejaza atakuwa ameshajua nani alipona na nani alifariki, na hali iliyoandikwa itafuata matokeo. Hapo tutakuwa tumerudi kwenye mfano wa shinikizo la damu, na mstari wa wima hautakuwa na maana.

Asanteni. Karatasi zenu msizitupe; mchana tutatia nukta za vituo vyetu.